Maneno ya "pesa": lipi la ofisini, lipi la barazani, lipi la maskani?

MwalimuWaKonde

Assalaam alaykum wanabaraza. Nafundisha Kiswahili skuli moja huku Kaskazini Pemba, kidato cha pili. Niliwapa watoto kazi ya kukusanya maneno yote wanayoyasikia yenye maana ya pesa, kisha wayapange kutoka lile la rasmi kabisa hadi lile la mtaani kabisa. Kukusanya wamekusanya vizuri. Wamerudi na fedha, pesa, hela, mapeni, chapaa, mkwanja, mshiko, ngawira, faranga, fulusi, mpunga na buku.

Tatizo limekuja kwenye kupanga. Kikundi kimoja wameweka fulusi juu ya fedha, wakisema ni neno la Kiarabu kwa hiyo lina heshima zaidi. Kikundi cha pili wameweka hela chini pamoja na mkwanja. Cha tatu wameiweka hela sawasawa na pesa, na mtoto aliyekuwa akitetea hoja hiyo amekulia Morogoro. Kila mmoja anasema "mie nasikia hivi". Na mie sitaki kuwapa jibu la "nasikia hivi" la mwalimu. Nataka kipimo ambacho mtoto anaweza kukitumia mwenyewe akapata jibu. Mnapimaje?

Kijana_wa_502

Mwalimu mbona rahisi. Juu fedha, halafu pesa, halafu hela, halafu mapeni, chapaa, mshiko, mkwanja, mpunga. Buku chini kabisa, na umesahau jero na msimbazi, hizo ndizo za mtaani hasa. Kwenye gari zetu za Bububu kila siku unasikia "nipe jero yangu", hakuna anayesema "nipe fedha yangu".

MzeeMkunazini

Wa alaykum salaam mwalimu. Kazi uliyowapa ni nzuri na tatizo ulilokutana nalo ndilo lenyewe. Nilikuwa mhariri wa taarifa za habari kwa miaka mingi, na kubadilisha neno moja kwa jingine lililo jirani yake ilikuwa ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi. Nikueleze nilivyokuwa nikipima.

Usimuulize mtoto neno hili lina heshima kiasi gani. Neno likiwa peke yake halijibu swali hilo. Mpe sentensi yenye pengo, ajaze, kisha asikilize wapi inakwaruza. Anza na sentensi ambayo hakuna anayebishana nayo: "Mwaka wa ____ unaanza mwezi wa Julai." Hapo linaingia fedha tu. Ukisema mwaka wa pesa, kila mtu atakuelewa, lakini atajua hukuzoea karatasi za serikali. Kadhalika Wizara ya Fedha na fedha za kigeni. Neno linaloziba pengo hilo ndilo la ngazi ya juu, na utaona ni moja tu.

Sentensi ya pili: "Ami, nakuomba uniazime ____ kidogo." Unazungumza na mtu unayemheshimu, lakini mko nyumbani. Hapo pesa inakaa bila ya tabu. Fedha inaingia, lakini unaonekana umevaa koti la mkutano ndani ya nyumba. Mkwanja ukiusema, umemvunjia ami heshima.

Sentensi ya tatu: "Yakhe, leo ____ hakuna kabisa." Hapa unazungumza na rafiki yako maskani. Mkwanja unaingia, mshiko unaingia, chapaa inaingia, na pesa pia inaingia, kwa sababu pesa inaingia kila pahala. Neno linaloziba mapengo mengi zaidi ndilo la katikati, na hilo ni jambo la kuwaonyesha watoto: pesa si ya juu wala ya chini, ndiyo mizani yenyewe. Hata kampuni za simu zilipotaka jina ambalo bibi na mjukuu wote watalitamka, zikachukua hilo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na hakuna aliyefikiria kuiita kwa jina la wizarani.

Sasa kijana wa 502. Ulivyopanga hukukosea sana mpaka ulipofika kwenye buku. Jaribu sentensi ya nne: "Sina ____." Ukisema sina mkwanja, maana yake umekauka. Ukisema sina buku, maana yake elfu moja haipo, lakini elfu kumi unaweza kuwa nayo. Buku, jero na msimbazi ni majina ya viwango. Si maneno ya pesa kwa jumla. Ni ya mtaani kweli, lakini yana ngazi yao wenyewe: shilingi elfu moja, elfu moja, buku. Ukiyachanganya, mtoto atafikiri buku ni mkwanja uliozidi utani.

Kijana_wa_502

Nimekupata mzee. Lakini "sina hata jero" si ndiyo kusema sina pesa?

MzeeMkunazini

Hapo imebebwa na "hata". Ni sawa na kusema sina hata senti tano. Ondoa "hata" uone kama maana inabaki.

DadaWaPaje

Naomba kuingia kwenye hela. Mimi ni mtu wa Dodoma, nimeolewa Unguja, nafanya kazi hoteli huku Paje. Kwetu hela si neno la mtaani hata kidogo. Mama anamwambia mtoto "chukua hela ukanunue chumvi". Mchungaji anaweza kusema hela. Nilipokuja huku nikaona nikisema hela dukani wakwe zangu wanacheka kidogo, wananiita mtu wa bara. Kwa hiyo kikundi cha tatu cha mwalimu kina haki, hela na pesa ni sawasawa.

Mtumbatu_Mkweli

Sawasawa huko Dodoma. Huku hela ni neno la kuja. Bibi yangu Tumbatu hajawahi kulitamka, na si kwamba halijui.

MzeeMkunazini

Wote wawili mnasema kweli, na sababu yake imo ndani ya mfuko wa zamani.

Pesa imetokana na paisa ya Kihindi. Ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Sayyid Barghash alitoa pesa zake mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Wajerumani walipoingia Tanganyika nao walitumia hesabu hiyo hiyo, hata kampuni yao ikapiga sarafu zilizoandikwa pesa. Kisha mwaka 1904 wakaacha pesa wakaleta heller, mia moja kwa rupia moja. Watu wa bara wakawa wanaishika heller kila siku, wakaitamka hela, na jina la sarafu ndogo likageuka jina la pesa zote.

Huku kwetu heller haikuwa sarafu ya nchi. Mwaka 1908 Unguja na Pemba zilipata senti, rupia ikaendelea mpaka 1936 ilipokuja shilingi ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo pesa ilipokwisha kama sarafu, ilibaki kama neno, na hapakuwa na sarafu nyingine ya kuipokonya nafasi. Hela imevuka bahari baadaye, midomoni mwa watu, na neno linalokuja kwa midomo ya wageni hukaa kwanza kwa vijana, sokoni na kwenye magari. Ndiyo maana kikundi cha pili kimeisikia karibu na mkwanja. Hawakusikia vibaya. Wamesikia kwa masikio ya Pemba.

DadaWaPaje

Asante mzee, hilo la heller sikulijua kabisa. Lakini siku hizi wanangu waliozaliwa hapa hapa Paje wanasema hela kila saa, na wenzao wa skuli pia. Ngazi si inapanda?

Mtumbatu_Mkweli

Kusikika sana si kupanda ngazi. Mkwanja nao unasikika sana.

DadaWaPaje

Ila mkwanja hawamwambii bibi yao. Hela wanamwambia.

MwalimuWaKonde

Hoja nzito hiyo ya kumwambia bibi. Naona niwape watoto hiyo kama sentensi ya tano: je, ungelitamka mbele ya bibi yako bila ya yeye kukutazama mara mbili?

Na fulusi? Hawa wa kikundi cha kwanza wamekataa kabisa kushuka.

MvuviWaMsuka

Fulusi ni samaki. Mgongo wake una rangi ya kijani na buluu, ukimtoa majini rangi inabadilika unamtazama. Mwalimu, ukija diko la huku ukasema nataka fulusi, utapimiwa.

Mtumbatu_Mkweli

Ha! Kweli, ila fulusi ya pesa nayo ipo. Wazee wa Mji Mkongwe walikuwa wanasema.

MzeeMkunazini

Ipo, na kikundi cha kwanza wamegusa jambo ambalo watu wazima wengi huliruka. Wanadhani neno la Kiarabu ni la juu kwa sababu ni la Kiarabu. Lakini fedha nayo ni ya Kiarabu, na imekuwa ya ofisini kwa sababu ofisi imeichukua, si kwa asili yake. Fulusi haikuchukuliwa na ofisi yoyote. Ipime kwa sentensi zetu: mwaka wa fulusi, hapana. Ami niazime fulusi, atakucheka, lakini hakasiriki. Yakhe leo fulusi hakuna, rafiki yako atafikiri unamuulizia samaki. Haingii juu, haingii chini. Ni neno kongwe. Ukongwe na urasmi ni mambo mawili, na mtoto akiweza kuyatenga amejifunza zaidi ya orodha yote.

Vilevile ngawira. Ukikaa darsani sheikh akizungumzia vita vya Badri, ngawira ni mali iliyotekwa vitani, na hapo ni neno zito lisilo na mzaha. Kijana wa maskani akisema "leo ngawira imo", ni neno lile lile limeshuka ngazi zote kwa mara moja. Kwa hiyo usiandike ngawira kwenye jedwali bila ya kuandika maana gani unaipima.

MwanaHamisi_Chake

Na fedha yenyewe pia ina upande wa pili. Kwetu ukisema fedha mwanamke mtu mzima anafikiria bangili. Bangili za fedha, pete ya fedha. Na kwenye methali fedha haina uofisi wowote: fedha ilivunja nguu, milima ikalala. Hiyo si lugha ya wizara.

MzeeMkunazini

Sahihi bi Mwana Hamisi. Fedha ilikuwa madini kabla ya kuwa bajeti. Methali hubaki na neno lake hata likibadilisha kazi kwengine, na huwezi kulitoa ukatia pesa, mizani ya methali itavunjika. Kwa hiyo methali tusizitumie kama kipimo cha urasmi.

Mpangaji_Machomanne

Samahani wakubwa, sijui kama hapa ndipo. Mie nilipanga fremu ya duka hapa Chake, nikaweka amana laki tatu, nimehama tangu mwezi uliopita na mwenye nyumba hajanirudishia. Nataka kumuandikia. Niandike fedha, pesa au hela? Nisionekane namgombeza, lakini ajue sifanyi mchezo.

MzeeMkunazini

Hapa ndipo hasa kijana wangu. Inategemea unaandika nini. Kama ni barua ya karatasi, yenye nakala utakayobaki nayo:

"Naomba kurejeshewa fedha nilizolipa kama amana ya fremu ya duka, jumla ya shilingi 300,000, kwa mujibu wa makubaliano yetu."

Kama ni ujumbe wa simu na ni mtu mzima mnayeheshimiana:

"Ami, shikamoo. Nilikuwa naulizia zile pesa zangu za fremu, laki tatu. Ukijaaliwa wiki hii nitashukuru."

Na ukimhadithia rafiki yako:

"Yakhe, mshikaji hajanipa mkwanja wangu hadi leo. Laki tatu nzima."

Mwalimu, waonyeshe watoto sentensi hizi tatu pamoja. Neno la pesa limebadilika, lakini angalia vilivyobadilika nalo. Kurejeshewa imekuwa kuulizia, kisha imekuwa kunipa. Shilingi 300,000 imekuwa laki tatu. Mwenye nyumba amekuwa ami, kisha mshikaji. Na ngeli imeyumba: fedha nilizolipa, pesa zangu, lakini mkwanja wangu. Mtoto akichomoa fedha kwenye ile barua akachomeka mkwanja, itabidi aandike "mkwanja nilioulipa kama amana", na hapo sikio lolote litashtuka, kwa sababu neno moja limevaa kanzu na jirani yake amevaa bukta.

Na kosa la upande wa pili lipo, tena ndilo linaloumiza zaidi. Ukimwandikia rafiki yako wa karibu "naomba unirejeshee fedha zangu", atajua urafiki umeingia dosari. Urasmi mahali pasipo na urasmi ni kumsukuma mtu mbali. Kwa hiyo kijana, anza na ule ujumbe wa ami. Asipojibu, ndipo barua, na yeye mwenyewe atahisi hatua imebadilika kabla hujasema neno lolote la ukali.

Mpangaji_Machomanne

Nimeelewa mzee. Naanza na wa ami leo hii. Ahsante sana.

MwanaHamisi_Chake

Hilo la ngeli naliongezea. Nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na nimeona maneno yanayoshikana na sifa ndiyo yanayosema ukweli haraka. Fedha nyingi. Pesa nyingi. Hela nyingi. Lakini mkwanja mrefu. Anayesema "pesa ndefu" keshaishusha pesa maskani, na "fedha ndefu" sijaisikia kwa mtu yeyote. Mwalimu, wape watoto neno, uwaulize linakwenda na nyingi au na refu. Utapata mstari wa kugawa bila ya ubishi. Mapeni na chapaa huenda zikakusumbua kidogo, maana zinakubali "mengi" na "nyingi" vilevile.

Kijana_wa_502

Mkwanja mrefu, pesa ndefu, kweli kabisa! Na mpunga mrefu pia tunasema.

MvuviWaMsuka

Mpunga mrefu huku Konde ni mpunga uliokaribia kuvunwa.

MwalimuWaKonde

Ndiyo tabu ya kuchukua orodha za mjini ukazileta Pemba, hahaha. Mpunga watoto walioutaja ni wawili tu, na wote wana kaka zao Dar es Salaam. Nilipowauliza wengine kama wamewahi kusikia hapa kijijini, kimya.

Jambo jengine nililoliona. Wengi walikusanya maneno kwa kukumbuka tu, wamekaa darasani. Mmoja tu alikwenda kusikiliza. Baba yake alimchukua kituoni walipopeleka karafuu, akaandika nani kasema nini. Karani wa ZSTC akiandika stakabadhi anasema fedha na malipo. Wakulima kwenye foleni wanasema pesa. Wachumaji nje wakigawana ujira wao wa pishi wanasema pesa pia, isipokuwa kijana mmoja aliyesema "mshiko wangu uko wapi", na wenzake wakamwambia asubiri wazee waondoke. Mkwanja haukusikika hata mara moja asubuhi nzima. Orodha yake ni fupi kuliko za wenzake wote lakini ndiyo niliyoiamini zaidi.

MzeeMkunazini

Mpe alama zote. Alichokiandika huyo kina msemaji, msikilizaji na mahali, na bila ya hivyo vitatu hakuna kupanga. Na lile la "subiri wazee waondoke" ni kipimo kizuri kuliko sentensi zangu, kwa sababu hakukitunga mwalimu wala mhariri. Wasemaji wenyewe wamekuonyesha ngazi ilipo.

Ningekushauri jedwali lako lisiwe mstari mmoja. Weka fedha juu, pesa katikati, kisha mshiko, chapaa, mapeni na mkwanja chini bila ya kuzipanga zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu hapo tofauti ni ya umri na mtaa, si ya heshima. Mkwanja wa leo utakuwa wa kizee kesho na vijana watakuwa na lao. Fulusi na ngawira ziweke pembeni zikiwa na maelezo. Buku na wenzake karatasi nyengine.

Mtumbatu_Mkweli

Faranga umeiruka mzee.

MzeeMkunazini

Nimeisikia kwa watu wa rika langu wakitaniana, kwa vijana siisikii. Asili yake ni sarafu ya Kifaransa. Mwalimu aulize watoto walioileta wameisikia kwa nani.

DadaWaPaje

Na hela mzee? Hukuiweka popote.

MzeeMkunazini

Sikuiweka kwa makusudi bibie. Bara ningeiweka bega kwa bega na pesa. Hapa kwetu ningeiweka nusu ngazi chini yake. Lakini kipimo chako cha bibi kimenitia wasiwasi. Kama wajukuu wa Paje wanamwambia bibi hela na bibi anatoa bila ya kuuliza, basi nusu ngazi yangu ni ya watu wa umri wangu tu.

Mtumbatu_Mkweli

Bibi anatoa kwa sababu ni mjukuu. Muuzaji wa duka la jumla Darajani je, akiandika risiti?

DadaWaPaje

Kwenye risiti hata pesa haandiki, anaandika shilingi.

MwalimuWaKonde

Basi hela nitaiacha wazi, watoto watakwenda kusikiliza. Nitawagawa: wengine sokoni Konde, wengine nyumbani kwa mabibi zao, na kila neno liandikwe nani kamwambia nani na wapi. Yule mtoto wa Morogoro nimempa kazi ya kumpigia simu shangazi yake wa huko amuulize anavyosema akienda benki na anavyosema akimtuma mtoto dukani. Kuna yeyote mwenye jamaa Mkoani au Makunduchi anisaidie kusikiliza huko pia?

MwanaHamisi_Chake

Mkoani nipo mie kila Jumatano, dadangu anauza dukani karibu na bandari. Nitakaa naye asubuhi niandike. Abiria wa boti wanatoka pande zote, kwa hiyo nitaweka alama nani mtu wa pale na nani mpita njia.